Mpira uliojaa na mpira mtupu: kisa cha mita moja ya mtiririko na mafundi watatu

Kisa hiki ni cha kweli. Jina la kiwanda, mahali, tarehe na majina ya mafundi nimeyaondoa, na kampuni iliyotengeneza mita siitaji kwa sababu mita yenyewe haikuwa na kosa. Nilikuwa msimamizi wa karakana ya vyombo vya vipimo wakati huo, na utaratibu ulioleta shida ulikuwa na sahihi yangu chini yake.

Hali ilivyokuwa

Kiwanda ni cha vinywaji, kiko ukanda wa pwani. Maji safi yanapita kwenye bomba la milimita 25 kwenda tangi la kuchanganyia, ambako yanakutana na shira ya sukari. Mita ya sumakuumeme iliyofungwa kwenye bomba hilo inahesabu lita na kutuma palsi 100 kwa kila lita kwenye kidhibiti cha mtambo. Lita zinazotakiwa zikitimia, kidhibiti kinafunga vali. Kwa hiyo mita ikidanganya, maji yanazidi au yanapungua kwenye kinywaji moja kwa moja.

Kila miezi sita mita hii inakalibretiwa palepale ilipofungwa. Tunatumia mizani ya jukwaa ya kilo 300 yenye mgawanyo wa gramu 50, tangi la plastiki la lita 250 juu yake, na mpira wa maji wa mita 4 unaotoka kwenye tawi lililo baada ya mita hadi kwenye tangi. Maji yanapita kwenye mita, yanaingia tangini, yanapimwa uzito, uzito unageuzwa kuwa ujazo, na ujazo huo unalinganishwa na lita ambazo mita imehesabu. Wazo lenyewe ni jepesi, na kiwango cha kimataifa cha ISO 4185 kimejengwa juu ya wazo hilohilo la kupima mtiririko kwa kupima uzito.

Kazi hii kwa miaka mingi ilifanywa na fundi mmoja, ambaye nitamwita Fundi wa Kwanza. Matokeo yake yalikuwa yakicheza karibu na asilimia +0.1, kila mara. Utaratibu ulioandikwa ulikuwa ukurasa mmoja uliobandikwa ndani ya mlango wa kabati, na sehemu yake yote ya kazi ilikuwa hii:

1. Fungua vali, weka mtiririko wa lita 60 kwa dakika.
2. Subiri mita itulie.
3. Pokea maji kama lita 200 kwenye tangi.
4. Pima uzito.
5. Linganisha na mita.
6. Kama tofauti ni kubwa, rekebisha.

Niliusaini bila wasiwasi. Nilipousoma niliona kazi nzima, kwa sababu nilikuwa nimeshaiona ikifanywa mara nyingi, na macho yangu yakajaza yote ambayo karatasi haikusema.

Kilichotokea

Fundi wa Kwanza alihamia kazi nyingine. Kalibresheni iliyofuata ilimwangukia Fundi wa Pili, kijana makini mwenye cheti kizuri, mtu wa kufuta kila kifaa kabla ya kukirudisha mahali pake. Alichukua karatasi ya kabatini, akafanya vipimo vitatu, na vyote vikampa karibu asilimia +1.6. Kimoja kati ya hivyo, kama kilivyo kwenye daftari lake, mita ilisoma lita 203 na mizani ikasoma kilo 199.85. Akachukua kilo moja kuwa lita moja, akapata kwamba mita inazidisha kwa asilimia 1.6.

Vipimo vitatu vikikubaliana hivyo, nani asingeamini? Akafuata hatua ya 6. Kigawe cha mita, yaani namba ambayo mita inazidisha nayo inachohisi ili kupata lita, kilikuwa 1.0124, akakishusha hadi 0.9967, hesabu ikiwa sahihi kabisa. Akajaza fomu, akaniletea, nikaisaini.

Siku ya pili yake dada wa maabara ya ubora alinipigia simu. Kinywaji kinachotakiwa kuwa na briksi 11.0, yaani sukari asilimia 11 ya uzito, kilikuwa kinatoka 10.85 au 10.9, mchanganyiko baada ya mchanganyiko. Kilikuwa bado ukingoni mwa mipaka yao, kwa hiyo hakuna kilichomwagwa, lakini alikuwa anachora grafu, na nukta zote zilikuwa zimeshuka kwa pamoja kuanzia zamu moja. Zamu hiyo ndiyo iliyoanza baada ya kigawe kubadilishwa.

Nilikaa na kalamu. Katika kinywaji hicho, maji yanayoongezwa ni kama asilimia 82 ya uzito wote. Maji yakizidi kwa asilimia 1.6, jumla inazidi kwa asilimia 1.3, na briksi 11.0 inashuka hadi 10.86. Ilikuwa namba ya maabara yenyewe. Kwa hiyo mita haikuwa imezidisha kwa asilimia 1.6 kabla ya kurekebishwa. Marekebisho ndiyo yaliyoiharibu.

Tulivyotafuta chanzo

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kurudisha kigawe cha zamani, 1.0124, jioni ileile. Sikusubiri kujua sababu, kwa kuwa briksi ilikuwa ushahidi wa kutosha wa upande gani uko karibu na ukweli, na kila saa ya kusubiri ilikuwa mchanganyiko mwingine wenye maji mengi.

Uamuzi wa pili ulikuwa kutomwita Fundi wa Pili ofisini kumuuliza amekosea wapi. Nilimwomba arudie kazi nikiwa nimesimama pembeni, afanye kama alivyofanya, nami nisiseme neno. Mtu ukimuuliza alichofanya, atakusimulia karatasi. Mikono yake ndiyo inayosema kilichofanyika.

Alifanya kipimo cha kwanza vizuri. Alipofunga vali, mpira ulibaki umelala sakafuni, mdomo wake umening'inia juu ya ukingo wa tangi, maji yamejaa ndani yake. Akasoma mizani. Kisha, kabla ya kipimo cha pili, akaushusha mdomo wa mpira, akaukunjua, akayamwaga maji yote kwenye mfereji wa sakafuni mpaka tone la mwisho. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Ili yale maji ya zamani yasiingie kwenye kipimo kipya, mzee."

Ni jibu la mtu msafi wa kazi, na ndilo lililokuwa na sehemu kubwa ya kosa. Mpira wenye kipenyo cha ndani cha milimita 25 na urefu wa mita 4 unabeba karibu lita 2. Ukianza mtupu na kuishia umejaa, lita 2 zimepita kwenye mita lakini hazijafika tangini. Katika lita 200, hiyo ni asilimia 1.0, na inajitokeza kila mara kwa kiasi kilekile. Ndiyo maana vipimo vyake vitatu vilikubaliana. Kukubaliana kwao kulionyesha tu kwamba alikuwa anafanya jambo lilelile kila mara.

Usiku nilimpigia Fundi wa Kwanza. Nilimuuliza mpira anaufanya nini kati ya kipimo na kipimo. Akashangaa swali. "Mimi mpira siumwagi. Ukishajaa umejaa. Kile cha kwanza asubuhi si namwaga tu, cha kujaza mpira? Nani asiyejua hilo?" Halafu akaongeza kitu ambacho sikukiuliza: kwamba yeye kilo haigeuzi lita hivihivi, ana kajedwali kake ka joto la maji nyuma ya daftari. Daftari alikuwa ameondoka nalo, na lilikuwa lake kihalali.

Kajedwali hako ndiko kalikoeleza kosa lililobaki. Siku ile maji yalikuwa na nyuzijoto 28. Kwa joto hilo lita moja ya maji ina kilo 0.9962, si 1. Pia hewa hunyanyua kidogo kila kitu kilichomo ndani yake. Mizani yetu inahakikiwa kwa mawe ya chuma, ambayo kwa uzito uleule yanachukua nafasi ndogo kuliko maji, kwa hiyo maji yananyanyuliwa zaidi na mizani inayasoma mepesi kwa takriban sehemu moja katika elfu. Ukiyaunganisha yote mawili, kudhani kwamba kilo ni lita kunapunguza ujazo wa kweli kwa karibu asilimia 0.48. Kwa kipimo cha daftari: kilo 199.85 zilikuwa lita 200.8 tangini, na ukiongeza lita 2 za mpira unapata 202.8. Mita ilisoma 203. Tofauti iliyobaki ni asilimia 0.1, ileile ya Fundi wa Kwanza.

Tulivyoandika upya, na kwa nini hivyo

Jibu la haraka lingekuwa kuongeza sentensi mbili kwenye karatasi: usimwage mpira, tumia jedwali la joto. Nilikataa, kwa sababu sikujua ni vitu vingapi vingine Fundi wa Kwanza alikuwa anavifanya bila kujua kwamba anavifanya. Nikaamua kuandika rasimu mpya, kisha niijaribu kwa mtu ambaye hajawahi kuiona kazi hii hata mara moja.

Kabla ya kuandika nilijiuliza swali moja kwa kila hatua: fundi akiikosea kwa kiasi ambacho mtu wa kawaida anaweza kukosea, matokeo yatahama kwa kiasi gani? Majibu yalinisaidia kujua mahali pa kuwa mkali. Joto la maji likikosewa kwa nyuzi 1, matokeo yanahama kwa asilimia 0.03 tu, kipimajoto cha kawaida kilichohakikiwa kinatosha, na hakuna haja ya kumtesa mtu kwa nukta za desimali. Mgawanyo wa gramu 50 katika kilo 200 ni asilimia 0.025. Mpira ni asilimia 1. Kwa hiyo mpira ulistahili aya nzima na kifaa chake, joto mstari mmoja.

Kifaa tulikitengeneza wenyewe. Mdomo wa mpira tuliufunga kwenye bomba la chuma lililokunjwa mfano wa shingo ya bata, lililosimikwa kando ya mizani bila kuigusa. Maji yanapanda, yanafika kwenye kona ya juu, kisha yanashuka sentimita 60 kuingia tangini. Juu ya kona tuliweka kijibomba kifupi kilichosimama wima cha kuingiza hewa. Vali ikifungwa, hewa inaingia, mguu wa kushukia unajimwaga wote, na upande wa kupandia unabaki umejaa mpaka kwenye kona. Hali ya mwanzo na hali ya mwisho zinakuwa moja bila kutegemea mkono wa mtu. Palipowezekana nilipendelea chuma kifanye kazi ya sentensi, maana sentensi inaweza kurukwa.

Jaribio la rasimu alilifanya Fundi wa Tatu, dada aliyekuwa akishughulika zaidi na vipimajoto na mashinikizo. Nilimpa karatasi, nikakaa kwenye kiti mita tatu nyuma yake na daftari. Makubaliano yalikuwa kwamba sitajibu swali lolote, na kila swali atakaloliuliza nitaliandika kama kosa la karatasi.

La kwanza lilikuja mapema. "Kaka, hapa umeandika subiri mita itulie. Itulie mpaka lini?" Nilikuwa nimelihamisha neno hilo kutoka kwenye karatasi ya zamani bila kulitazama. Mimi ninapolisoma naona tarakimu ya mwisho ikiacha kurukaruka. Yeye aliona tarakimu zinazobadilika muda wote, kama inavyokuwa kwa mita yoyote yenye maji yanayopita.

La pili hakuliuliza, na ndiyo hatari zaidi. Palipoandikwa "soma lita za mita" alienda kwenye kioo cha mita, ambacho kinaonyesha lita nzima tu. Katika lita 200, nusu lita ya kukadiria ni asilimia 0.25. Fundi wa Pili naye alikuwa amesoma hapohapo, lakini kwake kosa hili lilifichwa na yale makubwa. Namba inayotawala vali ya mtambo ni palsi, nazo zinasomwa kwenye kidhibiti, kila palsi ikiwa lita 0.01. Kukalibreti kwa kutumia kioo ni kukalibreti njia ambayo kinywaji hakiitumii.

La tatu lilikuwa sifuri. Rasimu ilisema hakikisha mita inasoma sifuri maji yakiwa yamesimama. Akazima pampu, akafungua vali ya kutolea maji ili kuwa na hakika kwamba hakuna kinachotembea, na bomba likaanza kujimwaga. Mita ya sumakuumeme inahisi umeme mdogo unaozaliwa maji yanapokatiza sumaku, na elektrodi zake lazima ziwe ndani ya maji hata wakati wa kupima sifuri. Bomba likiwa nusu tupu, inachosoma hakina maana. Alisoma lita 0.7 kwa dakika zikicheza, na kwa haki kabisa akaniangalia akingoja nimwambie kama hiyo ni sifuri au siyo. Nilinyamaza, ingawa ilinigharimu.

Jumla aliuliza mara 11, na mara 2 alifanya kitu tofauti na nilichokusudia bila kuuliza. Usiku ule niliandika tena. Hatua zilizobadilika zaidi zilisomeka hivi:

*Sifuri.* Pampu ikiwa inafanya kazi, funga vali iliyo baada ya mita. Vali iliyo kabla ya mita iache wazi, ili bomba libaki limejaa na lina shinikizo. Subiri dakika 2. Kwa sekunde 60 andika usomaji mkubwa kuliko wote na mdogo kuliko wote. Vyote viwe kati ya −0.02 na +0.02 lita kwa dakika. Visipokuwa hivyo, usirekebishe sifuri. Kagua kama vali inavuja kwa kutazama mdomo wa shingo ya bata, kisha rudia.

*Kujaza mpira.* Fungua vali ya kupitishia mpaka maji yatoke kwenye shingo ya bata bila mapovu kwa sekunde 30, kisha funga. Maji haya ya kwanza yamwagwe, hayahesabiwi. Kuanzia hapa mpira usiguswe, usishushwe, usimwagwe mpaka mwisho wa kazi.

*Kuweka mtiririko.* Weka kiwango kwa vali ya kurekebishia, kisha usiiguse tena; kuanza na kusimamisha maji kufanywe kwa vali ya kupitishia peke yake. Mtiririko umetulia ikiwa kwa sekunde 30 usomaji haujatoka nje ya lita 1 kwa dakika juu au chini ya kiwango kilichowekwa.

*Kipimo.* Maji yakiwa yamesimama na shingo ya bata haidondoshi, andika uzito wa tangi na idadi ya palsi. Usiweke mizani kwenye sifuri. Andika namba kama ilivyo. Fungua vali ya kupitishia, pokea kati ya kilo 195 na 205, funga. Subiri mpaka shingo ya bata iache kudondosha kwa sekunde 10. Andika uzito, palsi na joto la maji ya ndani ya tangi.

Katika hatua ya kipimo niliomba uzito wa tangi kabla ya kila mzunguko kwa sababu tangi likimwagwa halibaki sawa. Kuna maji yanayobaki kwenye kona za chini, leo gramu 100, kesho gramu 300. Mtu akiupima uzito wa tangi kavu asubuhi na kuutumia siku nzima, anajitengenezea kosa la asilimia 0.1 au zaidi.

Hesabu niliiweka kwenye fomu yenyewe, na mfano mmoja uliojazwa kwa namba za kweli ili fundi aweze kuhakiki kikokotoo chake kabla ya kuanza:

```
V = (m2 - m1) / d * 1.0010
E = (P / 100 - V) / V * 100

m2 - m1 = 200.45 kg   d = 0.99623 kg/L (28 °C)
P = 20160             V = 201.41 L
E = +0.09 %
```

Herufi m1 na m2 ni uzito wa tangi kabla na baada ya kupokea maji, P ni palsi zilizohesabiwa kati ya hapo, V ni lita za kweli, E ni kosa la mita kwa asilimia, na d ni densiti ya maji kutoka jedwali lililochapwa kwenye ukurasa uleule, kuanzia nyuzi 20 hadi 35, kila nyuzi moja. Namba 1.0010 ni ya kunyanyuliwa na hewa kwa usawa wa bahari. Anayefanya kazi hii nyanda za juu, penye hewa nyepesi, aikokotoe upya kwa hewa ya mahali pake.

Mwisho niliandika mipaka miwili iliyokuwa haipo. Wa kwanza: kwa kila kiwango cha mtiririko fanya vipimo vitatu, na tofauti kati ya kikubwa na kidogo isizidi asilimia 0.15. Ikizidi, usitafute wastani. Simama utafute sababu. Wa pili: kigawe kisiguswe ikiwa wastani uko ndani ya asilimia 0.5, na kikibadilishwa, vipimo vitatu vya kabla ya kubadilisha vibaki kwenye fomu pamoja na vitatu vya baada. Karatasi ya zamani ilisema "kama tofauti ni kubwa". Kubwa kwa nani?

Matokeo

Fundi wa Tatu alirudi baada ya siku mbili na karatasi mpya. Mimi nilikuwa nimeshafanya vipimo vyangu asubuhi na nikavifungia kwenye droo ili asivione. Kwa lita 60 kwa dakika nilipata +0.09, +0.12 na +0.08. Yeye alipata +0.14, +0.10 na +0.13. Kwa lita 20 kwa dakika wastani wangu ulikuwa +0.21, wake +0.17. Aliuliza swali moja tu, kuhusu mahali kipimajoto kinapohifadhiwa.

Fundi wa Pili naye aliifanya wiki iliyofuata, kwa ombi lake mwenyewe, akapata wastani wa +0.11 kwa lita 60. Kigawe kilibaki 1.0124. Grafu ya maabara ilikuwa imesharudi kwenye 11.0 tangu jioni ile ya kwanza.

Uchambuzi: kilichofaa na kilichoshindikana

Kilichoshindikana mwanzo si umakini wa fundi. Fundi wa Pili alitimiza kila neno la karatasi, na mahali karatasi iliponyamaza alijaza kwa busara yake. Kumwaga mpira ni busara kwa mtu aliyezoea kuchukua sampuli za maji, na alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka miwili. Mahali popote utaratibu unaponyamaza, fundi mwingine ataleta desturi ya kazi yake ya awali.

Sahihi yangu nayo ilishindwa, mara mbili. Ya kwanza ni ya karatasi. Ya pili ni ya fomu ya +1.6: mita iliyokaa kwenye +0.1 kwa miaka haihami asilimia 1.5 kwa miezi sita bila sababu, na matokeo ya nyuma yalikuwa kwenye faili hilohilo nililoshika. Sasa fomu ina mstari wa matokeo ya mara iliyopita, na tofauti ikizidi asilimia 0.3 kigawe hakiguswi mpaka fundi mwingine arudie kazi yote kuanzia kujaza mpira.

Kilichofaa kuliko vyote ni kukaa kimya nyuma ya Fundi wa Tatu. Ningemjibu swali la kwanza tu, angeendelea vizuri, na karatasi ingebaki na shimo lake. Lakini jaribio hili lina kikomo: yeye ni fundi wa mtambo wetu, anajua vali zetu kwa majina. Mtu wa kutoka nje angekwama mahali ambapo yeye hakukwama, na ndiyo sababu baadaye tulipiga picha ya kila vali na kuzibandika namba.

Kuna jambo utaratibu huu hauwezi kulifanya, na tumeliandika juu kabisa ya ukurasa wa kwanza. Unaipima mita ikiwa kwenye bomba lake, pamoja na kona na vali zilizo kabla yake. Mita ikihamishiwa mahali pengine, +0.1 hii haiendi nayo. Wala hatudai kujua kosa la mita kwa ubora kuliko asilimia 0.15 hivi, atakayetaka zaidi aipeleke kwenye maabara yenye mtambo wa kazi hiyo.

Kalibresheni iliyofuata, miezi sita baadaye, ilifanywa na fundi wa nne, mgeni kabisa karakana, nikiwa likizo. Vipimo vyake vitatu vya kwanza vilitofautiana kwa asilimia 0.21. Hakuchukua wastani. Alisimama, akatazama shingo ya bata, akaona kwamba vali ikifungwa mguu wa kushukia wakati mwingine unajimwaga na wakati mwingine unabaki umeshika maji. Mguu huo unabeba lita 0.3, yaani asilimia 0.15. Kijibomba cha hewa kilikuwa kimezibwa na chokaa ya maji. Akakizibua kwa waya, akarudia vyote vitatu, vikatofautiana kwa 0.05, na pembezoni mwa fomu akaandika kwa penseli: "Kijibomba kikaguliwe kabla ya kujaza mpira." Niliporudi niliihamishia sentensi yake kwenye karatasi kama ilivyo, ikawa hatua ya 3.